Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: Unatafsiri Frankenstein ipi, ya 1818 au ya 1831, na dibaji iseme nini

Kwani kuna Frankenstein ngapi? Si kitabu kimoja tu?

Jina moja, vitabu viwili, na ukihesabu vizuri hata vitano. Mary Shelley alitoa riwaya yake London tarehe 1 Januari 1818, kopi 500 tu, juzuu tatu, na jina lake halikuwekwa. Mwaka 1823 baba yake, William Godwin, akasimamia chapa ya pili ya juzuu mbili, hiyo ndo ya kwanza kubeba jina la mwandishi. Halafu 1831 Mary mwenyewe akaipitia upya kwa ajili ya mfululizo wa riwaya za bei poa wa wachapishaji Colburn na Bentley, ikatoka juzuu moja. Ongeza miswada ya mkono iliyopo Oxford, pamoja na kopi moja ya 1818 ambayo Mary aliisahihisha kwa kalamu (hiyo tutaifikia chini), unapata tano.

Kwa mtafsiri ugomvi mkubwa ni kati ya 1818 na 1831, hizo nyingine zinasaidia tu kuelewa. Miaka mingi watu walisoma ya 1831 na hakuna aliyeuliza, mpaka miaka ya 1970 wahariri wakaanza kuirudisha ya 1818, na leo ukiingia duka la vitabu unaweza kununua mbili zenye jalada linalofanana kabisa na ndani ni hadithi zinazopishana.

Zinapishana kiasi gani? Si ni maneno mawili matatu?

Nilidhani hivyo hivyo. Tulikuwa wawili tumegawana kazi, mimi sura za mwanzo, mwenzangu zile za mwisho, kila mtu na faili lake alilolipata mtandaoni, na hakuna aliyemuuliza mwenzie "la kwako la mwaka gani". Tumefika kuunganisha, sura zangu zinasema Elizabeth, yule anayekuja kuolewa na Victor Frankenstein, ni mtoto wa shangazi yake Victor, wakati kwenye tanbihi za mwenzangu imeandikwa ni yatima aliyeokotwa kwa wakulima huko Italia. Mimi nikadhani kakosea. Yeye akadhani nimelewa. Kumbe wote tuko sawa, ila vitabu viwili.

Ndo tofauti inayojulikana zaidi hiyo. Kwenye 1818 dada wa baba yake Victor aliolewa na bwana wa Kiitaliano, akafariki, mume akataka kuoa tena, akaandika barua kumuomba shemeji yake amchukue yule binti mdogo. Kwa hiyo Elizabeth ni damu. Kwenye 1831 wazazi wa Victor wako matembezini karibu na ziwa Como, mama anaingia kwenye kibanda cha maskini, anaona watoto watano, wanne wenye macho meusi na mmoja wa nywele za dhahabu, kumbe ni binti wa mkuu wa Milano aliyeachwa kulelewa pale. Anachukuliwa. Mama anamwambia Victor nimekuletea zawadi nzuri, na Victor, mtoto mdogo, anaichukua kauli hiyo kama ilivyo, kuanzia siku ile Elizabeth ni wake wa kumlinda na kumpenda. Kwenye 1818 hakuna hiyo "zawadi".

Na sio Elizabeth peke yake. Kuna radi iliyopiga mti wa mwaloni Victor akiwa na miaka kama 15: kwenye 1818 baba yake ndo anamweleza umeme ni nini, anamtengenezea mashine ndogo, anarusha mpaka kishada chenye waya na uzi kuvuta umeme mawinguni. Kwenye 1831 baba si mtu wa sayansi kabisa, anayeeleza ni mgeni tu msomi aliyekuwepo siku hiyo. Ukiwaza utaona hii ni kubwa, maana kwenye kitabu cha kwanza kijana ana baba anayejua na bado anapotea, kwenye cha pili hakuna mtu nyumbani wa kumuelekeza. Na ya 1831 inapenda sana kusema ni majaaliwa, kwamba yaliandikwa, Victor hakuwa na pa kukimbilia. Ile ya 1818 inamwacha na lawama yake.

Nitajuaje faili nililonalo ni la mwaka gani? Halijaandikwa chochote.

Mengi hayajaandikwa kweli, na mengine yameandikwa mwaka 1818 juu kwa sababu ndo mwaka kitabu kilipotoka, wakati ndani ni 1831. Jalada usiliamini. Mimi naangalia sehemu nne, dakika kumi zinatosha.

Kwanza hesabu sura. Ya 1818 ina juzuu tatu, sura 7, halafu 9, halafu 7, na kila juzuu inaanza kuhesabu upya. Ya 1831 inaenda moja kwa moja mpaka 24. Ila kuna wachapishaji wa siku hizi wanaopanga upya namba ili isomeke kirahisi, kwa hiyo usiishie hapo. Pili nenda kwenye mwanzo wa simulizi ya Victor umtafute Elizabeth, ni shangazi au ni kibanda cha Como. Tatu ule mwaloni, nani anaeleza umeme.

Nne ndo naipenda zaidi kwa sababu iko mbali na mwanzo wa kitabu, na mafaili ya kuchanganya-changanya yanakamatwa hapo. Nenda pale Victor na rafiki yake Clerval wako London. Kama unakuta Clerval ana mpango wa kwenda India, na kwamba ujuzi wake wa lugha za kule utasaidia ukoloni na biashara ya Wazungu kusonga mbele, hiyo ni 1831. Kwenye 1818 Clerval anapenda lugha za Mashariki lakini hana huo mpango. Sasa hebu fikiria msomaji wako wa Mombasa au Kigoma anakutana na sentensi hiyo, na ni kwa yule yule rafiki mwema, mpole, kipenzi cha kila mtu. Halafu fikiria mwanafunzi wa chuo anaandika tasnifu nzima kuhusu ukoloni ndani ya Frankenstein kwa kutumia tafsiri yako, na wewe hukumwambia sentensi ile iliingia miaka 13 baadaye.

Toleo la mwisho si ndo matakwa ya mwandishi? Kwa nini nisichukue 1831 tu?

Hoja nzito, na kwa muda mrefu ndo ilikuwa kanuni ya wahariri: chukua la mwisho alilolipitia mwandishi akiwa hai. M. K. Joseph alipohariri kwa Oxford mwaka 1969 alitumia 1831. Ukiifuata hujakosea.

Ila angalia mazingira. Colburn na Bentley walitaka waandishi waguse kazi zao ili toleo lipate hakimiliki mpya, Mary akawauzia haki kwa pauni 30, mjane mwenye mtoto wa kusomesha. Sisemi hakutaka mabadiliko. Alitaka, na ushahidi upo: mwaka 1823 akiwa Genoa alimpa rafiki yake, bibi mmoja wa jina la Thomas, kopi ya 1818 yenye masahihisho ya mkono, na mwishoni mwa sura ya pili akaandika kwamba ikitokea chapa nyingine angeziandika upya hizo sura mbili za mwanzo, matukio yamepooa na lugha mahali pengine ya kitoto. Kopi hiyo sasa iko maktaba ya Morgan, New York. Kwa hiyo kutoridhika na mwanzo wa kitabu kulikuwepo miaka minane kabla ya hela ya Bentley.

Kwa upande mwingine, 1818 nayo sio Mary mtupu. Mumewe Percy alipitia mswada akabadili maneno mengi, na Charles Robinson, aliyeichambua miandiko ya mikono miwili kwenye madaftari ya Oxford, alikadiria Percy aliongeza angalau maneno 4,000 hadi 5,000 kwenye kitabu cha maneno kama 72,000. Hata dibaji ya 1818 inayosema "mimi" aliiandika Percy. Kwa hiyo anayesema "natumia 1818 kwa sababu ndo sauti halisi ya Mary" ajipange, na anayesema "natumia 1831 kwa sababu hiyo hiyo" naye ajipange.

Na hao wahariri wa 1818 wenyewe wanakubaliana?

Hawakubaliani. James Rieger 1974 alichapa 1818 lakini yale masahihisho ya kopi ya Thomas akayachomeka ndani ya matini, kwa hiyo unachosoma ni mchanganyiko ambao hakuna mtu aliyewahi kuusoma mwaka 1818. Marilyn Butler 1993 akairudisha 1818 ilivyochapwa, tofauti zote akaziweka pembeni. Ndo maana kuandika "nimetumia 1818" haitoshi, taja ya mhariri gani. Ukichukua ya Rieger halafu mtu akakulinganisha na ya Butler ataona sentensi kwako ambazo kwake hazipo, atasema umebuni.

Na ile ya Robinson ya 2008 ni kitu kingine tena, inatoa rasimu, mara moja na kalamu ya Percy ndani, mara nyingine imeondolewa. Nzuri sana kusoma, ila kama matini ya kutafsiria kwa msomaji wa kawaida siishauri, labda uwe unaandikia watafiti.

Hii inanihusu nini mimi ninayeandika Kiswahili? Si msomaji hataona?

Ataona, tena kwenye Kiswahili ataona zaidi, kwa sababu ya maneno ya udugu.

Kwenye Kiingereza neno wanalotumia kwa Elizabeth halisemi ni mtoto wa nani, wa shangazi au wa mjomba yote sawa. Sisi tuna binamu, lakini msomaji wetu akisikia binamu anauliza upande gani. Kwenye 1818 jibu lipo: ni binti shangazi, na baba yake Victor akimtaja anamtaja kama mpwa wake, mtoto wa dada yake, neno limekaa penyewe halihitaji hata tanbihi. Na ndoa ya Victor na Elizabeth, kwa msomaji wa pwani haimshtui hata kidogo, watoto wa ndugu wanaoana, wakati kwa msomaji wa bara ambako binti shangazi ni dada yako kabisa, anashtuka kuanzia ukurasa wa kwanza, na mshtuko huo anaubeba mpaka siku ya harusi. Sio kazi yako kuuondoa.

Kwenye 1831 neno hilo hilo bado lipo lakini limegeuka jina la mapenzi. Victor anasema waliitana hivyo kwa mazoea. Hapo ukiandika "binamu yangu Elizabeth" bila kujiuliza umetengeneza udugu ambao haupo. Mwenzangu kwenye tanbihi yake alikuwa kanukuu "tulizoea kuitana binamu", sawa kabisa kwa 1831, halafu sura yangu ya kwanza inasema mama yake Elizabeth ni shangazi. Kuitana binamu kwa mazoea wakati ni binamu kweli? Mhariri wetu alizungushia duara jekundu akaandika pembeni "amueni".

Halafu kuna ile sehemu baba anamuuliza Victor kama labda anamwona Elizabeth kama dada. Ipo kwenye matoleo yote mawili. Kwenye 1818 ni swali la wasiwasi wa damu, kwenye 1831 ni swali la waliolelewa nyumba moja. Maneno karibu yale yale ila uzito mwingine, na sauti utakayompa baba kwenye Kiswahili inategemea umechagua ipi.

Naweza kuchanganya? Nichukue mazuri ya huku na ya kule?

Hapana. Umeona kilichotupata sisi bila kukusudia.

Kuna ruhusa mbili tu ninazojipa. Moja, kosa la wazi la uchapaji kwenye 1818, neno limerukwa au herufi imegeuka, nasahihisha kwa msaada wa 1831 na naandika kwenye orodha. Mbili, ule utangulizi ambao Mary aliuandika kwa ajili ya 1831, unaosimulia kiangazi cha 1816 karibu na Geneva, mshairi Byron akisema kila mtu aandike hadithi ya mizimu. Wasomaji wanaupenda, wachapishaji wanaupenda zaidi. Kama natafsiri 1818 nauweka mwisho wa kitabu kama kiambatisho na kichwa kinachosema wazi ni wa 1831. Ukiuweka mbele umeshamdanganya msomaji kabla hajafika kwenye barua ya kwanza ya Walton, nahodha ambaye barua zake ndo zinafungua riwaya.

Ulichagua ipi mwishowe?

1818, kwa kufuata Butler. Sababu yangu kubwa ni Victor mwenyewe. Ya 1831 inamwongezea sentensi za kujitetea, kwamba majaaliwa yalikuwa na nguvu kuliko yeye na sheria zake zilishaamua aangamie, na kwenye Kiswahili sentensi hizo zinateleza vizuri mno. Tuna imeandikwa, tuna kudra, tuna ajali haina kinga, na nilipojaribu kutafsiri ukurasa mmoja wa 1831 Victor akatoka mtu wa kuonewa huruma kijiweni. Sikutaka huyo. Nilitaka yule wa 1818 ambaye anachagua, anachagua tena, na msomaji anabaki anamwangalia tu.

Kilichoniuma kukikosa ni Walton. Kwenye 1831 yule nahodha anatamka kwamba uhai wa mtu mmoja ni bei ndogo kwa maarifa anayoyatafuta, na Victor anamjia juu, anamuuliza ewe maskini, nawe una wazimu kama wangu? Kali sana. Kwenye 1818 haipo. Nimeitaja kwenye dibaji, sikuiingiza.

Mwenzangu bado anasema tungechukua 1831 kwa sababu ndo watu wengi waliyosoma shuleni kwa Kiingereza na watataka kulinganisha. Hana kosa.

Kabla ya kuandika dibaji nifanye nini?

Linganisha mwenyewe. Usichukue neno la mtu, hata la mwandishi. Nasema hivyo kwa sababu kwenye utangulizi wa 1831 Mary anasema hajabadili sehemu yoyote ya hadithi wala kuingiza mawazo mapya, ni mtindo tu, na kwamba marekebisho yako hasa mwanzoni. Sasa shangazi kapotea, baba kaacha sayansi, Clerval kapata safari ya India karibu na mwisho wa kitabu, na bado "sijabadili hadithi". Ile dibaji ni yake na si ya kweli, au tuseme ni ya kweli kwa namna alivyotaka ionekane. Ya kwako isiwe hivyo.

Zamani kazi hii ilikuwa ya kufungua vitabu viwili mezani na rula. Siku hizi kuna tovuti ya Frankenstein Variorum inayopanga matoleo yote matano kwa pamoja, unabonyeza sentensi unaona nyingine zinasemaje. Miswada yenyewe iko kwenye picha Shelley-Godwin Archive. Mimi nilifungua jedwali la safu nne: mahali, 1818 inasemaje, 1831 inasemaje, nimefanya nini. Sikuandika kila koma, niliandika tu pale ambapo Kiswahili changu kingebadilika. Koma ikihama na sentensi ya Kiswahili inabaki vile vile, achana nayo. Jedwali lile ndo lilikuja kuwa nusu ya dibaji.

Andika pia faili ulilipata wapi na siku gani. Mafaili ya mtandaoni hurekebishwa kimya kimya, na unaweza kurudi mwaka ujao ukakuta mstari haupo.

Dibaji yenyewe iseme nini? Nipe mfano.

Nitakupa ya kwetu ilivyokuwa, nimefupisha kidogo:

*"Tafsiri hii imefuata matini ya chapa ya kwanza, London 1818, kama ilivyohaririwa na Marilyn Butler. Hatukutumia chapa ya 1831, ambayo mwandishi aliipitia upya na ambayo wasomaji wengi wa Kiingereza wanaifahamu. Msomaji anayeijua hiyo atakuta tofauti tano kubwa. Hapa Elizabeth ni mtoto wa shangazi yake Victor, si mtoto wa kulelewa. Baba yake Victor ndiye anayemweleza habari za umeme. Mazungumzo ya Walton na Victor kuhusu bei ya maarifa, pamoja na mpango wa Clerval wa kwenda India, hayamo. Kauli nyingi za Victor kuhusu majaaliwa nazo hazimo.*

*Tumechagua 1818 kwa sababu inamwacha Victor awajibike kwa maamuzi yake, na tulitaka msomaji wa Kiswahili akutane naye hivyo kwanza. Tunajua mwandishi hakuridhika na sura mbili za mwanzo, na alisema hivyo kwa mkono wake mwaka 1823. Mahali pawili tumesahihisha makosa ya uchapaji, yameonyeshwa kwenye tanbihi. Utangulizi wa mwandishi wa 1831 umewekwa mwishoni kama kiambatisho. Sura zimehesabiwa kwa juzuu kama ilivyokuwa 1818, na namba za 1831 zimewekwa kwenye mabano."*

Basi. Haijazidi ukurasa mmoja. Angalia sentensi ya pili, inataja tulichokiacha, sio tulichokichukua tu. Dibaji nyingi zinaruka hapo. Na angalia tumeandika hoja inayotupinga, ya mwandishi kutoridhika, maana asiyeikuta kwetu ataikuta kwingine na atadhani tulificha.

Usiandike "tumetumia toleo bora zaidi". Bora kwa nani? Usiandike pia "tumetumia toleo la asili", neno asili hapo halisemi kitu, kuna rasimu ya 1816 iliyotangulia chapa ya 1818, hiyo je?

Hizo namba kwenye mabano ni za nini?

Mwalimu anawaambia wanafunzi someni sura ya tano, usiku wa Novemba kiumbe anapofumbua jicho. Kwenye tafsiri yangu usiku huo ni juzuu ya kwanza sura ya nne. Darasa zima linapotea.

Bahati nzuri hesabu ni nyepesi. Mary aliipasua sura ya kwanza ya 1818 kuwa mbili, nyingine zikabaki zilivyo. Kwa hiyo kuanzia sura ya pili ya juzuu ya kwanza ongeza 1, juzuu ya pili ongeza 8, juzuu ya tatu ongeza 17. Juzuu ya tatu sura ya pili, London, pale pa Clerval, inakuwa sura ya 19. Tulichapa namba hizo ndogo juu ya kila sura.

Mchapishaji kasema dibaji hiyo itawaboa wasomaji, aiondoe. Nifanyeje?

Na sisi tuliambiwa. Mchapishaji wetu wa kwanza alitaka mistari miwili ya kusifu kitabu na picha ya Mary Shelley. Tulikubaliana dibaji ihamie mwisho wa kitabu, kwa jina la "Kuhusu tafsiri hii", na mbele kwenye ukurasa wa hakimiliki ubaki mstari mmoja: *Imetafsiriwa kutoka matini ya 1818, angalia maelezo mwishoni.* Kama ukibanwa kabisa ukaambiwa chagua kitu kimoja, pigania mstari huo. Huo ndo mkutubi anaousoma, na ndo unaonakiliwa kwenye katalogi.

Kilichokuja kututibua ni jalada la nyuma. Aliyeandika muhtasari hakusoma tafsiri, alichukua mtandaoni, ukasema Victor anampenda yatima aliyelelewa nao. Kopi za mwanzo zilitoka hivyo. Siku hizi naomba kuona jalada kabla halijaenda mtamboni, hata kama nimechoka vipi.

Vipi hakimiliki? Mary kafa 1851, si kila kitu ni bure?

Maneno yake, ndiyo. Ila tanbihi za Butler, utangulizi wa Rieger, na kazi ya Robinson ya kutenganisha miandiko, hizo ni za watu wa juzi na huwezi kuzitafsiri uzitie kwenye kitabu chako bila idhini. Kusema umefuata uamuzi wa mhariri fulani na kumtaja ni sawa. Tanbihi andika zako, kutokana na jedwali lako.

Nimeshatafsiri sura 15 na sasa nagundua faili langu ni la 1831 wakati nilitaka 1818. Nianze upya?

Hapana, pole lakini. Mabadiliko makubwa yamekaa kwenye barua za Walton na sura mbili za mwanzo, hizo ziandike upya kabisa usijaribu kushona viraka. Kuanzia pale kiumbe anapoanza kusimulia mwenyewe tofauti ni chache, pita na jedwali mstari kwa mstari. Kisha tafuta neno "binamu" kwenye faili lako lote, moja baada ya jingine, ujiulize kila mahali kama hapa ni damu au ni mazoea. Sisi tulifanya hivyo usiku mmoja, mwenzangu anasoma kwa sauti mimi narekebisha, na kwa baba tukabadili kote ikawa mpwa.